Ujumbe wa sentensi saba

Ujumbe wa kwanza niliowahi kumwandikia mwanamke niliyekutana naye kanisani ulikuwa na uongo wa herufi mbili. Niliandika hivi: "Habari dada. Tunaomba noti za ule wimbo wa matoleo mlioimba Jumapili. Ubarikiwe." Uongo wenyewe ni ile "tu" ya "tunaomba". Hakuna mwingine aliyekuwa akiomba noti, na mimi mwenyewe shida yangu haikuwa noti.

Hiyo ilikuwa 2017, Nakuru haijaitwa jiji bado. Kwaya ya parokia moja ya upande wa Molo ilikuja kuimba kwetu siku ya somo wa parokia, na dada mmoja wa sauti ya pili akanikaa akilini. Namba yake niliitoa kwenye grupu la wasapu lililofunguliwa kwa ajili ya basi, nauli na chakula cha wageni. Sikuiomba. Niligusa tu orodha ya wanagrupu, nikatafuta picha inayofanana naye, nikanakili.

Alijibu baada ya saa moja hivi. Kwanza akauliza, "Nani mwenzangu?" kwa sababu hata jina sikuweka. Nikamjibu kuwa mimi ni wa kwaya ya Nakuru, na hilo lilikuwa kweli. Yeye akaelewa kuwa ni kwaya inayoomba. Akanitumia picha za noti. Nikashukuru, nikauliza kama kuna nyimbo nyingine za mtunzi huyohuyo. Akasema atamuuliza mwalimu wao. Tukaenda hivyo wiki tatu, mimi nikiomba nyimbo, yeye akizitafuta, na kila jioni nikijidanganya kuwa tunazoeana.

Siku niliyojipa moyo, nikamwandikia kuwa kusema kweli sikuwa nahitaji nyimbo zile, nilitaka tu kuzungumza naye. Nilidhani atacheka. Aliandika: "Kumbe. Mwalimu wetu alikaa usiku akanakili kurasa sita kwa mkono kwa ajili yenu." Kisha akauliza swali ambalo nilipaswa kulijibu tangu siku ya kwanza: "Na namba yangu ulipewa na nani?"

Nikasema nimepewa na mwalimu wetu wa kwaya. Uongo wa pili. Alimpigia simu mwalimu wetu kumuuliza, naye ndiye aliyenipa habari, Alhamisi ya mazoezi, mbele ya besi wenzangu wote. Kurasa zile sita zilikuja na mtu wa matatu, zimekunjwa ndani ya bahasha ya kaki, mwandiko wa kalamu ya wino wa bluu, kila noti imejazwa kichwa chake vizuri. Bado ninazo. Kwaya yao ilipokuja tena mwaka uliofuata, nilijitolea kulinda magari.

Nimesimulia haya kwa sababu watu huniambia tatizo la ujumbe wa namna hii ni ujasiri, au maneno matamu. Mimi nilikuwa na ujasiri wa kutosha na maneno yangu yalikuwa na adabu tele. "Ubarikiwe" nimeweka. "Dada" nimeweka. Mtu angeusoma ujumbe ule angesema huyu ni kijana aliyelelewa. Adabu yote ile ilikuwa pazia tu, na aliyekuwa nyuma ya pazia alikuwa mwizi wa namba.

Miaka sita baadaye, 2023, tulikodi basi kwenda Kisumu kwa tamasha la kwaya. Tulipita Londiani kungali na ukungu, tukashuka Kericho katikati ya majani chai, na kufikia Ahero joto lilikuwa limeshatuvua masweta. Mimi ndiye mpiga kayamba. Kayamba letu ni la matete yaliyoshonwa kwa uzi, na mbegu zimo ndani, na lilikuwa limezeeka. Katika wimbo wa tatu uzi wa pembeni ukakatika. Nilisikia sauti ikipungua kabla sijaona kitu, kisha nikaona mbegu zinakimbia chini ya viti, moja baada ya nyingine, hadi kwenye ngazi za altare.

Tulipotoka nje, dada mmoja wa kwaya ya wenyeji alinifuata na karatasi ya masomo ya misa aliyoikunja kama faneli ya karanga. Ndani zilikuwa mbegu. "Mkiziacha hizi hapa mtatuachia shamba," akasema. Nikamwambia tutarudi kuvuna. Akacheka, akaketi kwenye kingo ya veranda, akatoa sindano iliyochomekwa ndani ya ukosi wa sare yake, na uzi mwekundu uliozungushwa kwenye kipande cha kadibodi. Mimi nikashika matete yasitawanyike, yeye akamimina mbegu na kushona. Alipiga fundo kila baada ya matete mawili, akivuta uzi kwa meno. Kazi hiyo ilichukua kama dakika ishirini, na katika dakika hizo nilijua kuwa anafundisha shule ya msingi, kuwa hapendi samaki ingawa amezaliwa Kisumu, na kuwa anafikiri besi wetu wanaimba kama watu wanaosukuma gari.

Basi lilipokuwa likipiga honi alisema, "Mkifika salama mtuambie."

Njiani nilikaa dirishani nikiichambua sentensi hiyo kama mwanafunzi wa sarufi. Hakusema nikifika nimwambie. Alisema *mkifika*, *mtuambie*. Hiyo ni heshima ya wenyeji kwa basi zima, na ya kuijibu ni ujumbe wa kwaya kwa kwaya, ambao katibu wetu aliutuma usiku uleule. Mimi wa 2017 ningeichukua "tu" hiyo kuwa mlango. Ningemwandikia, "Tumefika salama," na wiki tatu zingeanza upya.

Kama angekuwa mtu wa kanisa letu nisingeandika chochote. Mtu utakayemwona Jumapili ijayo humtumii ujumbe. Unangoja Jumapili, unamsalimu mbele ya watu, na watu wanaona kuwa umemsalimu. Simu inakuja baadaye sana. Lakini kutoka Nakuru hadi Kisumu ni safari ya kilomita karibu mia mbili, na tamasha ni mara moja kwa mwaka.

Nilikwenda kwa Mama Katibu. Huyu ni mama wa makamo ya kustaafu, ambaye ujanani alikuwa opereta wa simu za Posta, enzi zile za kuunganisha kwa waya na kusema "subiri usikate". Nilimweleza yote, na ya 2017 pia, ingawa hayo alikuwa ameyasikia kuliko nilivyotaka.

Swali lake la kwanza halikuhusu maneno. "Namba unayo?"

"Iko kwenye grupu la tamasha, Mama."

"Nimekuuliza kama *unayo*."

Akaniambia kuwa namba iliyotolewa kwa ajili ya nauli ni ya nauli. Mtu huiweka pale kwa kuamini kuwa basi likichelewa atapigiwa, na mtu mwingine akiitumia kwa shughuli yake, hata kama ni shughuli njema, mwenye namba atajilaumu kwa kujiandikisha. Mwaka ujao hataandika namba, ataandika ya kaka yake, na basi litamwacha. Mama Katibu aliona jambo hili kwa macho ya mwendesha grupu. Dada watatu wa kwaya yetu walikuwa wamejitoa kwenye grupu baada ya tamasha moja, naye alijua sababu.

Tulifanya hivi. Alimpigia katibu mwenzake wa Kisumu, mama kama yeye, na nilikuwa nimeketi hapo nikisikia upande mmoja wa mazungumzo. Baada ya salamu za nyumbani na za mvua, akauliza kwanza, "Yule dada aliyetushonea kayamba, ana mwenyewe?" Akasikiliza. Kisha: "Basi niulizie kwake kama naweza kumpa kijana wetu namba yake. Ni yuleyule wa kayamba. Mwambie huyo kijana atamwandikia mara moja tu. Akikataa, usinieleze sababu, niambie tu imekataa."

Hilo la mwisho nililipenda baadaye, siku hiyo liliniuma. Katibu wa Kisumu hakutakiwa kunisifu wala kumsukuma. Alitakiwa kuuliza tu, na "hapana" ya dada yule ingefika Nakuru bila maelezo. Mama Katibu alinionya pia kuwa kimya kingekuwa jibu. Ikipita wiki mbili, tusingekumbushia. Jibu lilikuja siku ya nne: namba, na maneno "amesema aandike."

Sasa nikaandika. Niliandika kwenye daftari la dukani, mimi nauza vifaa vya ujenzi Kaptembwa, kwa hiyo rasimu yangu ya kwanza iko kati ya misumari ya inchi nne na mabati. Ilikuwa hivi:

"Tumsifu Yesu Kristo, dada mpendwa. Natumaini u mzima wa afya. Tangu siku ile Kisumu sijaacha kukufikiria na naamini Mungu hakukosea kutukutanisha. Wewe ni mwanamke wa pekee. Ningependa sana kukujua. Tafadhali nijibu hata kama una shughuli."

Mama Katibu alivaa miwani akaisoma mara mbili. Alianza na salamu, na hapo alinifundisha jambo ambalo sikuwahi kulifikiria katika lugha niliyozaliwa nayo. Salamu zetu karibu zote ni madeni. "Hujambo" inadai "sijambo." "Habari" inadai "nzuri." "Shikamoo" inadai "marahaba." Na "Tumsifu Yesu Kristo" ndiyo kali kuliko zote, maana Mkatoliki aliyelelewa vizuri hawezi kuisikia akanyamaza, lazima aseme "Milele na milele, amina." "Unamwambia yuko huru kutojibu," alisema, "na neno la kwanza tu umemfunga kamba." Alitafuta salamu isiyodai kitu. Akaipata kwenye kumbukumbu zake za simu za mbali, ambapo watu walitumiana salamu bila kungoja: "Salamu kutoka Nakuru." Imefika, imekaa. Ukitaka kuirudisha, rudisha.

Kisha akafika kwa Mungu aliyetukutanisha. Akavua miwani. Kwa miaka ishirini ya ukatibu, alisema, hajaona neno linalotisha dada za kwaya kama hilo. Kuna wanaoandika kuwa wameota, wengine kuwa wameonyeshwa wakiwa kwenye mfungo. Dada akisoma hivyo anajikuta hajibu kijana tena, anabishana na mbingu, na "hapana" yake inakuwa kama ukosefu wa imani. Kama kweli umeonyeshwa, kaa nalo mpaka na yeye aonyeshwe. Nilijitetea kuwa nilikuwa namaanisha. Akasema ndiyo maana ni hatari zaidi.

"Sijaacha kukufikiria" ilikatwa kwa sababu ya hesabu. Tulikuwa pamoja dakika ishirini. Mtu aliyefikiriwa siku kumi kwa dakika ishirini anaanza kujiuliza huyu mwenzake ana kazi gani. "Mwanamke wa pekee" ilikatwa kwa sababu ningeweza kumwandikia yeyote. Hapo akaniuliza swali la opereta: "Nini ulichokiona wewe peke yako?" Nikasema uzi mwekundu. "Basi andika uzi."

Kuhusu "kukujua" alicheka mpaka akakohoa. "Hukusoma Mwanzo sura ya nne? Adamu akamjua Hawa mkewe, naye akapata mimba. Wewe andika *kukufahamu*, hiyo nyingine ingoje." Najua vijana wengi wanasema "kukujua" bila ubaya wowote, na huenda dada wa mjini asingegundua. Lakini mwalimu wa shule anayesoma masomo misani angegundua.

Mimi nilitaka "dada" itoke, kwa hofu kuwa ukishamwita mtu dada umejifungia mlango. Mama Katibu akaibakiza. Alisema hilo ni jina la heshima la watu wasiojuana, na likitoka linaacha pengo ambalo utalijaza kwa "mrembo" au "mpenzi." Hapo hatukukubaliana kabisa, ila yeye ndiye aliyekuwa ameshika kalamu.

Sentensi ya mwisho ya rasimu yangu, "nijibu hata kama una shughuli," hakuijadili. Aliichora mstari tu.

Ujumbe uliobaki ni huu, na pale penye nukta palikuwa na jina langu:

"Salamu kutoka Nakuru, dada. Ni … wa kwaya, yule wa kayamba lililopasuka. Namba nimepewa na katibu wenu kwa ruhusa yako. Uzi wako bado umeshika, asante. Ningependa kukufahamu zaidi. Ukiona vema nikupigie, nitajie siku. Ukiona sivyo, si lazima ujibu, sitasumbua."

Sentensi saba, na hakuna "tu" ya uongo hata moja. Nilizikagua kwa kidole. Mpangilio wake una sababu. Simu inapolia, kinachoonekana juu ya kioo kabla ya kufungua ni maneno machache ya mwanzo tu, na Kenya hii namba ngeni inayoandika inaanza kwa kushukiwa. Sote tumepata ujumbe wa "ile pesa tuma kwa namba hii." Kwa hiyo Nakuru na kwaya vilitakiwa kuonekana kwanza, kisha kayamba, ambalo tapeli hawezi kulijua. Namba ilipotoka inakuja ya tatu, kabla hajaanza kujiuliza. Shukrani inasimama mahali pake kwa sababu ni ya kweli: kayamba nililipiga Jumapili mbili na fundo halijalegea. Nia inasemwa mara moja, baada ya mtu kujua anazungumza na nani. Na mlango wa kutokea uko mwishoni, ambapo jicho linabaki.

Niliutuma kwa meseji ya kawaida, si kwa wasapu. Watu wamenibishia hapa, na wana hoja, maana wasapu ni bure na ina picha, ataona uso wako. Lakini wasapu ina zile alama mbili zinazogeuka bluu. Ukiziona zimegeuka na jibu halijaja unaanza kuhesabu dakika, na yeye akijua umeziona anahisi umesimama mlangoni. Meseji ya kawaida haisemi imesomwa saa ngapi. Ujumbe wangu ulikuwa na herufi kama mia mbili na sitini, na meseji moja hubeba 160, basi nikakatwa mbili. Shilingi chache za kumwachia mtu nafasi ya kupumua.

Saa nayo ilipangwa. Si Jumapili jioni, mtu yuko na ndugu zake. Si baada ya saa tatu usiku, kwa sababu hata "salamu kutoka Nakuru" ikifika saa nne na nusu usiku inakuwa na maana nyingine. Tulichagua Jumatano, saa kumi na mbili na nusu jioni, mwalimu ameshatoka shule na ugali haujasongwa. Zilikuwa zimepita siku kumi na moja tangu tamasha. Niliogopa ni nyingi. Mama Katibu akasema uzi hauozi kwa siku kumi na moja.

Nikatuma. Nikafunga duka.

Alhamisi hakuna kitu. Ijumaa hakuna kitu. Hapa ndipo niligundua kuwa kuandika ilikuwa kazi rahisi. Mkono ulikuwa unawasha. Nilitaka kutuma aya ya Biblia, ile ya asubuhi ambayo watu husambaziana, ili ionekane ni ya kila mtu. Nilitaka kumsambazia krediti ya 50, jambo ambalo niliwahi kulifanya zamani kwa mtu mwingine nikaona ni ukarimu. Krediti usiyoiomba ni deni lililoingia mfukoni mwako bila hodi. Nilitaka hata kuandika, "Samahani, ujumbe wangu ulifika?" ambao ndio ujumbe wa pili wenye sura ya adabu kuliko yote, na ndio unaovunja ahadi ya "sitasumbua" bila kuonekana umevunja. Jumamosi nilimpa mfanyakazi wangu simu akae nayo hadi jioni.

Jibu lilikuja Jumapili baada ya misa. Nalinakili kwa sehemu tu, yaliyobaki ni yake: "Asante kwa salamu, na kwa kueleza namba umeitoa wapi. Umeniandikia wazi na mimi nikujibu wazi. Kwa sasa sina nafasi ya jambo hilo. Kayamba usilipige sana kwenye kona."

Nilisoma mara kadhaa. Kichwa changu kilishikilia "kwa sasa", na nikaanza kuhesabu sasa inaisha lini. Nikampelekea Mama Katibu. Yeye akaziba "kwa sasa" kwa kidole gumba, akaniambia soma tena. Ilisomeka "sina nafasi ya jambo hilo." "Hiyo 'kwa sasa' ni mto aliokuwekea usianguke vibaya," akasema. "Usiuchukue ukaenda nao nyumbani."

Kujibu "hapana" nako kuna namna yake, na nadhani hapa ndipo wengi tunaharibu kazi yote iliyotangulia. Usiulize kwa nini. Usimwambie utamngoja, maana umemwachia mzigo wa mtu anayengoja Nakuru. Usijifanye hukuwa ukimaanisha. Niliandika: "Nimekuelewa, dada. Asante kwa kunijibu. Kona nitaziangalia." Nikafuta namba kwenye simu mbele ya Mama Katibu, ingawa hakuniomba.

Iliniuma, sitasema haikuuma. Kwa majuma kadhaa sikupenda kulishika kayamba lile, nikawa naimba besi tu na kumwachia kijana mwingine alipige. Lakini ulikuwa uchungu msafi. Ile ya Molo ilikuwa na aibu ndani yake, kila nikikumbuka kurasa sita masikio yananiwaka moto. Hii ilikuwa huzuni tu, na huzuni ina mwisho.

2024 zamu ya kupokea tamasha ilikuwa yetu. Basi la Kisumu liliingia saa nne asubuhi, na safari hii sikujitolea kulinda magari. Nilikuwa kwenye meza ya chai, nikimimina. Alipofika kwenye foleni alinisalimu kama anavyosalimiwa mtu wa kwaya, kwa mkono, mbele ya watu, nami nikampa kikombe. Akaniuliza, "Kayamba liko wapi?"

Nililileta kutoka sakristia. Aliweka kikombe chini, akaligeuza upande wa uzi mwekundu, akapitisha ukucha juu ya mafundo moja baada ya lingine. Alipofika kwenye kona akasimama.

"Nilikwambia usilipige hapa," akasema, na akaanza kutafuta sindano kwenye ukosi wake.